Saa Moja ya Kwanza Baada ya Kuibiwa Simu: Funga Laini, Ndipo Uende Kwenye Akaunti

Shemeji yangu aliporwa simu saa 12:20 jioni pale Buguruni, akiwa amekaa dirishani kwenye daladala la Gongo la Mboto. Foleni ilikuwa imesimama. Alikuwa anamjibu dada yake WhatsApp, kioo kinawaka, simu ameishika kwa mikono miwili. Mkono ukaingia dirishani ukatoka na simu, na kijana akapotelea katikati ya magari kabla konda hajageuka vizuri. Laini yake ilifungwa saa 12:41. Ndani ya dakika hizo 21, shangazi yetu wa Morogoro alikuwa ameshatuma shilingi 80,000 kwa namba asiyoijua.

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Watu wanaokuja dukani wakiwa wameibiwa huniuliza swali lilelile: je, simu inaweza kufuatiliwa? Wanaulizia simu, wakati laini bado inafanya kazi mfukoni kwa mtu mwingine. Ndiyo maana naandika haya, na nitakuwa narudi kwenye yale yaliyompata shemeji, kwa sababu karibu kila kosa linalofanyika katika saa ile ya kwanza lilifanyika jioni hiyo.

Kwa nini laini iwe ya kwanza

Mwizi akipata simu iliyofungwa kwa namba ya siri, hana haja ya kuhangaika nayo. Anachomoa laini kwa pini, anaiweka kwenye simu yake, na kuanzia hapo kila ujumbe unaotumwa kwako unafika kwake. Namba za uthibitisho za benki, za barua pepe na za WhatsApp zote anazipata. Kwenye aplikesheni nyingi, ukibonyeza kwamba umesahau nenosiri, unatumiwa namba kwa ujumbe mfupi. Mwenye laini ndiye anayeipokea, na mfumo hauna njia ya kujua kuwa si wewe.

Pesa ya kwenye simu ina ulinzi wake, ile namba ya siri ya tarakimu nne, na ukikosea mara kadhaa inajifunga. Shida ni kwamba watu wengi hutumia mwaka wa kuzaliwa. Na hapa kuna jambo ambalo wateja wangu wengi hawajawahi kulitazama: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe yako ya kuzaliwa, ukianza na mwaka, ukafuata mwezi, kisha siku. Kwa hiyo mtu aliyeweka kitambulisho nyuma ya kava la simu, na namba yake ya siri ni mwaka wa kuzaliwa, amempa mwizi vyote viwili kwa pamoja. Hata yule mwenye namba ngumu hayuko salama sana, maana aliyeshika kitambulisho chako anaweza kupiga huduma kwa wateja akajibu maswali kama wewe.

Laini ikifungwa, njia zote hizo zinakatika kwa wakati mmoja. Hakuna hatua nyingine inayokata mengi kiasi hicho kwa simu moja ya dakika chache.

Kupiga 100, na jinsi muda unavyopotea

Namba ya huduma kwa wateja Tanzania ni 100 kwa mitandao yote, na kupiga ni bure. Ila 100 inakupeleka kwenye mtandao wa laini unayopigia. Ukiibiwa laini ya mtandao mmoja ukaazima simu yenye laini ya mwingine, utawapata watu wasiokuwa na uwezo wa kuigusa laini yako.

Shemeji hakulijua hilo. Konda alikuwa mwema, akampa simu yake palepale: "Chukua dada, piga." Akapiga 100, akasikiliza maelekezo ya kubonyeza hili na lile, akangoja. Saa 12:27 akapata mtu, na mtu yule akamwambia kwa upole kwamba namba hiyo si ya kwao. Dakika saba zimekwenda.

Kwa hiyo kabla hujapiga, uliza watu walio karibu nawe kwa sauti: nani ana laini ya mtandao fulani? Ndani ya daladala au dukani hutakosa mtu. Kama una laini mbili za mitandao tofauti kwenye simu moja, utahitaji simu mbili za kuazima, au simu moja yenye laini mbili. Anza na ile inayopokea ujumbe wa benki, maana kwa wengi wetu ndiyo yenye pesa nyingi nyuma yake.

Ukishapata mtu, usianze kusimulia ulivyoibiwa. Sema hivi: "Nimeibiwa simu sasa hivi. Naomba mfunge laini hii isipige wala kupokea kitu, na mfunge pia akaunti yake ya pesa." Yataje yote mawili, kwa sababu ni mambo mawili tofauti, na mhudumu anaweza kufanya moja akaona amemaliza. Atakapothibitisha, mwulize: laini imefungwa? Akaunti ya pesa imefungwa? Kisha upige namba yako mwenyewe kwa simu uliyoazima uone kama inaita. Ikiita, rudi kwake.

Kabla ya kufunga atakuuliza maswali ya kuthibitisha kuwa wewe ndiye mwenye laini. Kawaida ni majina kamili yaliyosajiliwa, namba ya NIDA, namba ulizopigia hivi karibuni, au kiasi cha mwisho ulichoweka au kutuma. Hapo ndipo shemeji alipokwama mara ya pili. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa na laini ya mtandao wake, akampa. Safari hii alipata watu wake, akataja majina yake matatu, na mhudumu akamjibu kuwa majina hayalingani na ya usajili.

Ilimchukua muda kukumbuka. Laini ile ilisajiliwa mwaka ule walipooana, kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka, na kaka yangu ndiye aliyeweka kidole. Kwenye mfumo, laini ni ya kaka. Bahati nzuri namba ya mumewe ni ile moja anayoijua kwa kichwa. Akampigia, kaka akapiga 100 kwa simu yake, akajibu maswali kwa majina yake, na saa 12:41 laini ikafungwa.

Naomba kila anayesoma aangalie jambo hili leo, akiwa na simu mkononi. Piga namba hii kwenye laini yako uone imesajiliwa kwa jina la nani:

```
*106#
```

Kama jina si lako, fahamu kwamba siku ya kuibiwa, mwenye jina hilo ndiye atakayehitajika, kwa maswali ya simu na kwa kidole wakati wa kurudisha laini. Kama ni mtu mliyekwisha kuachana naye, au ndugu aliyefariki, shughulikia kabla ya siku hiyo.

Simu yenyewe: kufunga kwa mbali

Hii hatua ingefaa kufanyika sambamba na ile ya kwanza, mtu mmoja akipiga 100 na mwingine akishika simu ya pili. Sababu ni kwamba amri ya kufunga simu kwa mbali inafika tu kama simu iko mtandaoni. Ukishafunga laini, bando la intaneti linakufa nalo, na simu haitaipata amri hadi itakapounganishwa waifai.

Kwa hiyo mkiwa wawili, mmoja aingie hapa kwenye brauza ya simu yake, kama iliyoibiwa ni Android:

```
android.com/lock
```

Ukurasa huo hauhitaji nenosiri. Unaandika namba ya simu iliyoibiwa, unathibitisha kuwa wewe si roboti, na kioo cha simu iliyo mikononi mwa mwizi kinajifunga. Unafanya kazi kwa Android 10 na kuendelea, na tu kama uliwahi kuwasha kufuli hilo kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya wizi na namba yako ikathibitishwa. Kwa simu iliyokwapuliwa kioo kikiwa wazi, kama ya shemeji, huu ndio msaada mkubwa kuliko wote.

Kama uko peke yako na simu moja ya kuazima, piga 100 kwanza. Najua wapo watakaobisha, waseme simu iliyo wazi ni hatari zaidi. Ni kweli ni hatari, lakini laini ikifungwa simu hiyo nayo inabaki bila intaneti, ujumbe wa uthibitisho hauingii, na mwizi aliyeko barabarani hawezi kufanya mengi mpaka afike penye waifai. Ukianza na kufuli la kioo, bado anaweza kuchomoa laini na kuendelea na kazi yake kwenye simu nyingine.

Baada ya laini kufungwa, nenda kwenye akaunti. Kwa Android ni `android.com/find`, na kwa iPhone ni `iCloud.com/find`. Upande wa iPhone ni mwepesi: ukurasa huo unakuruhusu kuingia kwa nenosiri tu, haukudai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu iliyoibiwa. Chagua kuweka alama kuwa imepotea, na simu itajifunga.

Upande wa Google kuna kizingiti kinachowaliza wengi. Ukijaribu kuingia kwenye akaunti yako kwa simu ngeni, Google inaweza kukutaka uthibitishe kwenye simu yako, yaani ileile iliyoibiwa, au ikutumie namba kwenye laini uliyoifunga dakika tano zilizopita. Njia ya kupita hapo ni kifaa ambacho tayari kimeingia kwenye akaunti hiyo: kompyuta ya ofisini, simu ya zamani iliyoko kabatini, kishkwambi cha watoto. Njia nyingine ni namba za akiba, zile 10 zenye tarakimu nane kila moja, ambazo Google inakuruhusu kuziandika mapema. Zinakusaidia tu kama uliziandika kwenye karatasi.

Kaka alinipigia saa 12:43. Nilijaribu kufuli la namba, likashindwa kwa kuwa simu ilikuwa tayari imekatika mtandao. Kilichotuokoa ni kishkwambi cha mtoto wao pale nyumbani Ukonga, ambacho kiliwekwa akaunti ya mama yake ili kupakua michezo. Nilimwongoza kijana kwa simu: fungua `Find Hub`, gusa jina la simu ya mama, niambie unaona nini. Akasoma kuwa ilionekana mara ya mwisho Buguruni, saa 12:39.

Hapo lazima uamue: kufunga tu, au kufuta kila kitu. Ukifuta simu ya Android, hutaiona tena kwenye ramani. Simu ikiwa iliibwa imefungwa kwa namba nzuri ya siri, naona kufunga kunatosha kwa siku hiyo. Ikiwa ilikwapuliwa kioo kikiwa wazi, futa. Kile kidoti kwenye ramani hakitakurudishia simu, na usikubali mtu akushawishi kwenda kukifuata usiku kwenye uchochoro. Amri ya kufuta inangoja: simu isipokuwa mtandaoni, itafutwa mara itakapounganishwa. Ya shemeji ilifutika kesho yake asubuhi, pengine mtu alipoiunganisha na waifai akitafuta wa kuiuza. Kumbuka tu kwamba kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa pembeni inaweza isifutike, na kama picha za kitambulisho zimo humo, zihesabu kuwa ziko kwa mwizi.

Jambo moja usilifanye hata ukiwa na hasira kiasi gani: usiiondoe simu kwenye orodha ya vifaa vyako. Kwa iPhone, kuiondoa kwenye akaunti kunafungua kufuli linalomzuia mtu mwingine kuitumia, na ndicho hasa mwizi anachokisubiri. Kwa Android, ukiitoa simu kwenye akaunti kabla ya kuifunga, unapoteza uwezo wa kuifunga na kuifuta. Toa amri kwanza, ihakikishe imepokelewa kwenye mfumo, ndipo ubadilishe nenosiri.

Barua pepe, benki, na WhatsApp

Ukiwa bado kwenye kifaa kilichoingia kwenye akaunti, badilisha nenosiri la barua pepe. Akaunti nyingine zote zinajirudisha kupitia hapo. Kwa wengi wetu barua pepe ya Google pia ndiyo iliyohifadhi manenosiri ya kila tovuti tuliyowahi kubonyeza "hifadhi". Kwenye `myaccount.google.com`, sehemu ya usalama, angalia kama namba ya simu na barua pepe ya urejeshaji ni zako bado. Mwizi mjanja hubadilisha hizo kwanza kabla ya kugusa nenosiri, ili ukijaribu kurudi, namba ya uthibitisho iende kwake.

Kisha piga benki. Namba yao imeandikwa nyuma ya kadi yako. Waambie wasimamishe huduma ya benki kwa simu kwenye namba yako, na wasimamishe kadi kama uliihifadhi kwenye aplikesheni ya kununulia vitu au ya usafiri. Watu hudhani kuwa kwa sababu aplikesheni ya benki ina nenosiri lake basi wako salama, wakisahau kwamba benki nyingi zina na ile njia ya kupiga namba, mfano `*150*03#` ya CRDB au `*150*66#` ya NMB, na hiyo imefungamanishwa na laini. Laini ikishafungwa haipigiki, ila omba huduma isimamishwe hivyo hivyo mpaka upate laini mpya na ubadilishe namba ya siri.

WhatsApp ndiyo iliyotuumiza sisi. Kufunga laini hakufungi WhatsApp iliyokwisha kufunguliwa kwenye simu. Ikipata waifai, inaendelea kutuma na kupokea kama kawaida. Na kwa shemeji, mwizi hakungoja waifai. Alikuwa na kioo wazi na bando likitembea kwa dakika 21. Alifungua mazungumzo, akatafuta watu walioitwa kwa majina ya heshima, akamwandikia shangazi: "Shangazi shikamoo. Nimepata dharura, nisaidie elfu 80 kwenye namba hii, yangu ina shida. Nitakurudishia kesho." Alianza na shikamoo kwa sababu alisoma juu kidogo akaona shemeji huwa anaanzaje.

Kwa hiyo, yule mtu wa kwanza wa familia unayempata kwa simu mpe kazi hii mara moja, usisubiri mpaka ufike nyumbani: aandike kwenye kundi la ukoo, la kazini na la kikoba kwamba simu yako imeibiwa, mtu asitume pesa wala asijibu ujumbe unaotoka namba yako. Wazee ambao hawako kwenye makundi apigiwe mmoja mmoja. Sisi tulichelewa. Shangazi alituma saa 12:36, akapata habari saa 1:05 usiku. Akapiga 100 ya mtandao wake kuomba muamala usimamishwe, akaambiwa pesa imekwisha tolewa. Angepiga pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya yule mpokeaji, ingewezekana kuizuia. Ikishatolewa kwa wakala, kilichobaki ni polisi. Kama ombi la pesa limekuja kwa ujumbe mfupi wa kawaida, aliyeupokea autume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kuiua WhatsApp yenyewe kuna njia mbili. Ya haraka ni kurudisha laini na kujisajili upya kwenye simu nyingine yoyote. Ukishaingiza namba ya uthibitisho, yule mwingine anatolewa papo hapo, maana akaunti haiwezi kuwa kwenye simu kuu mbili. Kama hutapata laini mpya usiku huo, tuma barua pepe kwa `support@whatsapp.com` yenye maneno haya, na namba yako ukianza na 255:

```
Lost/Stolen: Please deactivate my account +255XXXXXXXXX
```

Kuna hali moja mbaya zaidi. Mwizi akiwahi kuiweka laini kwenye simu yake, akasajili WhatsApp, kisha akaweka namba ya siri ya hatua mbili ambayo wewe hukuwa nayo, utamtoa kwa kujisajili upya lakini utaambiwa usubiri siku saba kabla ya kuingia. Ukiona ujumbe huo, usibabaike ukajaribu jaribu namba. Yeye ameshatolewa. Subiri siku saba. Aliyekuwa ameweka namba yake ya tarakimu sita mapema hapatwi na hili kabisa, maana mwizi akichukua laini peke yake anagota hapo.

Kurudisha laini

Kama umeibiwa mchana mjini, duka la mtandao wako linaweza kuwa mtaa wa pili. Nenda. Laini mpya ikiwashwa, ile ya zamani inakufa yenyewe, kwa hiyo umefunga na kurudisha kwa mkupuo mmoja. Lakini piga 100 ukiwa njiani, kwa sababu foleni ya dukani inaweza kuchukua nusu saa. Utahitaji namba ya NIDA, kidole chako, na majibu ya maswali yaleyale. Nenda kwenye duka la mtandao wenyewe au wakala mwenye ofisi, si kwa kijana mwenye mwavuli asiyejulikana atakayekuomba uweke kidole mara ya pili na ya tatu "kwa sababu mashine imegoma". Kila kidole kinaweza kuwa laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako, na ile `*106#` itakuonyesha baadaye.

Azima simu ya kuwekea laini hiyo kabla ya kutoka dukani, hata kitochi. Kabla ya kufanya kingine chochote, ingia kwenye menyu ya pesa ya mtandao wako ubadilishe namba ya siri:

```
*150*00#  M-Pesa
*150*01#  Mixx by Yas
*150*60#  Airtel Money
*150*88#  HaloPesa
```

Ukiwa humo, omba taarifa fupi ya miamala. Soma kila mstari, na utazame kama kuna mkopo uliochukuliwa. Kama upo, usiondoke dukani: waonyeshe palepale, na uandikiwe kuwa umelalamika siku hiyo.

Shemeji alirudisha laini asubuhi yake, na kaka ilibidi aombe ruhusa kazini kwenda kuweka kidole. Wakiwa hapo hapo wakahamisha usajili ukawa kwa jina lake.

Polisi na namba ya RB

Hii ndiyo hatua inayoweza kusubiri hadi mwisho wa saa ile, ila isisubiri wiki. Nenda kituo kilicho karibu na ulipoibiwa. Ukiibiwa Kariakoo, kwa mfano, ni Msimbazi. Toa maelezo, upewe namba ya RB, na hiyo hailipiwi. Ile taarifa ya upotevu inayojazwa mtandaoni ni ya vitu vilivyopotea. Ukiporwa, sema umeporwa, na taja saa, mahali na namba iliyopokea pesa kama kuna ndugu aliyetapeliwa. Kwa shangazi, ile RB ndiyo iliyowezesha namba ya mpokeaji kuanza kufuatiliwa.

Polisi watataka IMEI, zile tarakimu 15 za simu yenyewe. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Zimeandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwenye risiti pia, na kama vyote vimetupwa, zipo ndani ya `Find Hub` ukigusa taarifa za simu. Ukishapata RB, peleka pamoja na IMEI kwenye duka la mtandao wako uombe simu ifungiwe. Ikifungiwa, haitapokea laini ya mtandao wowote nchini. Itaendelea kuwaka na kushika waifai, na ikivushwa mpaka inaweza kufanya kazi huko, kwa hiyo kufungia IMEI hakuchukui nafasi ya kufuta yaliyomo.

Siku ya tatu baada ya laini kurudi, shemeji alipokea ujumbe: simu yako imepatikana, bonyeza hapa kuona ilipo. Kulikuwa na kiungo, na kikifunguliwa kinaonyesha ukurasa unaofanana na wa Google unaoomba nenosiri. Jioni yake akapigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa ni askari, akisema simu iko kituoni na anahitaji tu "zile namba zilizoingia sasa hivi kwenye ujumbe". Simu iliyofutwa lakini bado ina kufuli la akaunti hawawezi kuitumia wala kuiuza kwa bei nzuri, ndiyo maana wanarudi kwa mwenyewe. Alimwuliza namba ya RB ni ipi na yuko kituo gani. Simu ikakatwa.